Tutakupigia Lini, na Bado Hatua Ngapi?

Dakika za mwisho za usaili wa kazi hufanana karibu kila ofisi. Mwenyekiti wa jopo anafunga faili, anawatazama wenzake kushoto na kulia, kisha anamgeukia msailiwa: "Na wewe, una swali lolote kwetu?" Msailiwa, ambaye shati limeshamganda mgongoni, anasema hana. Anaambiwa, "Sawa, tutakupigia." Anashukuru, anatoka. Akifika kituo cha daladala ndipo anaanza kujiuliza. Watapiga lini? Na wakipiga, itakuwa kunipa kazi au kuniita tena? Watu wenye majibu ya maswali hayo alikuwa amekaa nao chumba kimoja, na walimkaribisha aulize.

Kunyamaza huko kuna chanzo chake. Tumelelewa kwamba mwenye shida husubiri aitwe, na anayewaharakisha wakubwa ana kiherehere. Mtu anaogopa kwamba akiuliza siku ya majibu ataonekana ana njaa, au anajiona kazi ni yake tayari. Ukikaa upande wa pili wa meza unaona mambo tofauti. Afisa rasilimali watu hulisikia swali hili mara kwa mara, halimshtui, na jibu lake huwa analo walau nusu. Kinachomchosha ni mtu ambaye hakuuliza siku ya usaili, halafu anapiga simu kesho yake, keshokutwa na mtondo, kila mara akianza na "samahani kwa usumbufu".

Swali lenyewe ni mawili, na mpangilio wake una maana: hatua kwanza, tarehe baadaye. Anayeuliza "majibu lini?" peke yake anaweza kupewa tarehe asiyojua ni ya nini. "Wiki ijayo" inaweza kuwa wiki ya barua ya ajira, na inaweza pia kuwa wiki ya kuitwa kwenye mtihani wa kuandika, halafu baada ya mtihani kuna mkurugenzi, na baada ya mkurugenzi kuna wadhamini. Aliyeambiwa "wiki ijayo" anahesabu siku saba na kuanza kuaga wenzake kazini, kumbe yuko katikati ya safari.

Maneno ya kutumia si magumu. "Nashukuru kwa muda wenu. Naomba kufahamu, baada ya usaili wa leo zimebaki hatua ngapi, na kila moja inahusu nini?" Ukishajibiwa, unaongeza: "Na kwa makadirio yenu, mnatarajia kukamilisha zoezi zima lini?" Neno makadirio linafanya kazi kubwa hapo. Hakuna mjumbe wa jopo anayeweza kukuapia tarehe, na ukimbana atoe ahadi atarudi kwenye "tutakupigia". Ukimwomba makadirio, atakupa alichonacho: "Tunaendelea kuwaona wengine hadi Ijumaa, halafu watatu watafanya mtihani." Sentensi hiyo moja imeshakuambia kwamba kimya cha wiki hii hakikuhusu wewe, kwamba kuna mchujo mwingine, na kwamba mkivuka mtabaki watatu.

Kuna kipande cha tatu ambacho wengi hukisahau, na kwa maoni yangu ndicho kinachookoa watu kuliko vyote viwili: "Ikipita tarehe hiyo sijasikia lolote, nimwandikie nani?" Hapo utapewa jina na anwani ya barua pepe, na umepewa ruhusa. Siku utakapoandika kukumbushia hutakuwa msumbufu, kwa sababu wenyewe walikuambia uandike.

Tarehe hukwama wapi

Ili usichukie majibu ya kuzungukazunguka, inafaa kujua usaili wa kwanza umekaa wapi katika mlolongo wa kampuni. Mara nyingi mambo huanza kwa mkuu wa idara kujaza fomu ya kuomba mtu. Idara ya fedha inathibitisha kwamba mshahara huo umo kwenye bajeti. Tangazo linatoka, maombi yanachujwa, wachache wanaitwa. Kwenye usaili wa kwanza wasaili huwa ni afisa rasilimali watu na yule atakayekuwa bosi wako wa karibu, pengine na mtu wa idara nyingine. Kila mmoja anajaza karatasi yake ya alama. Karatasi hukusanywa, ripoti ya jopo inaandikwa, na ripoti hiyo inapanda juu kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha.

Hapo ndipo kalenda hukwama. Waliokuhoji wanapendekeza tu, na mwenye saini ni mtu mwingine. Kwenye kampuni ya familia mwenye mali anaweza kukaa kwenye usaili mwenyewe na kukuambia palepale uanze Jumatatu. Kwenye kampuni tanzu, kibali huenda kinatoka makao makuu ya nchi nyingine. Afisa anayekujibu "tutakujulisha" huenda hajui lolote zaidi ya kwamba mkurugenzi yuko safarini na ripoti imelala mezani kwake.

Sehemu nyingine inayokula siku ni uhakiki wa wadhamini. Watu huandika majina matatu kwenye wasifu wao kama mapambo, wakiamini hakuna atakayepiga. Kampuni nyingi hupiga, na hupiga mwishoni, pale ambapo umebaki wewe na mwingine mmoja. Mdhamini aliyebadilisha namba, au aliyestaafu na barua pepe yake ya ofisi ikafungwa, anaweza kuchelewesha barua yako bila wewe kujua. Mashirika mengi ya misaada yana kipengele cha ziada: tangu 2019 kuna utaratibu wa pamoja ambao mashirika yaliyojiunga nao huwauliza waajiri wako wa miaka 5 iliyopita kama uliwahi kupatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono. Swali hilo haliendi kwa rafiki yako uliyemweka kama mdhamini, linakwenda kwa mwajiri wenyewe kama taasisi. Ukifanya kazi sehemu tatu ndani ya miaka hiyo, majibu yanasubiriwa kutoka sehemu tatu.

Ndiyo maana jibu la hatua lina faida zaidi ya kukutuliza moyo. Ukiambiwa kwamba mwisho kutakuwa na wadhamini, unarudi nyumbani na kuwapigia leo hiyo hiyo, unawaambia wategemee simu. Kwa Kenya kuna sababu ya ziada. Kazi za umma huko hudai rundo la vibali: cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi ya polisi, kibali cha kodi cha KRA, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu HELB, cha tume ya maadili EACC na cha ofisi za kumbukumbu za mikopo. Baadhi ya waajiri binafsi nao huomba cheti cha tabia njema. Alama za vidole hazichukuliwi na kujibiwa kwa siku moja. Mtu anayejua mapema kwamba hatua ya mwisho ni kukabidhi vibali huanza foleni yake mapema, na asiyejua huanza siku aliyopewa tarehe ya mwisho.

Mhasibu wa Machi

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye kalenda ya kweli. Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam ana kazi tayari, analipwa kwa mwezi. Ameomba kazi kwenye kiwanda cha vyakula kilichoko Barabara ya Nyerere, na usaili wake wa kwanza ni Jumanne tarehe 4 Machi 2025. Ni Ramadhani imeanza juzi.

Mwishoni anauliza maswali yake. Anajibiwa kwamba zimebaki hatua mbili: mtihani wa Excel na wa kulinganisha hesabu za benki, kisha mazungumzo na mkurugenzi wa fedha. Wanatarajia kumaliza kabla ya Idi, na mtu aanze kazi tarehe 1 Aprili.

Hapo hapo mhasibu anapiga hesabu kichwani na kuona tatizo ambalo jopo halijaliona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi. (Kenya nako ni siku 28, kwa Sheria ya Ajira ya 2007.) Akipata barua siku ya mwisho ya Machi hawezi kuanza tarehe 1 Aprili hata kwa miujiza. Anawaambia palepale, bila kulalamika: "Naomba mjue kwamba nikifanikiwa nitahitaji kutoa notisi ya siku 28 ninakofanya kazi sasa." Mwenyekiti anaandika kwenye karatasi. Angenyamaza, suala hilo lingeibuka siku ya ofa, na mwajiri mwenye haraka angeweza kumgeukia mtu wa pili kwenye orodha.

Wengine hudhani watamaliza notisi hiyo ndani ya likizo: unaomba likizo, na barua ya kuacha kazi unaiweka mezani siku unayoondoka. Sheria hiyo hiyo inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo au kwenda sambamba na likizo. Mwajiri mwema anaweza kukubaliana nawe vinginevyo, lakini usimwahidi mtu tarehe kwa kutegemea wema huo.

Mtihani unafanyika Alhamisi tarehe 13. Kabla ya kutoka anamuuliza msimamizi swali fupi zaidi: "Kwa hiyo imebaki ya mkurugenzi tu?" Anaambiwa ndiyo, ila mkurugenzi anasafiri, atarudi tarehe 24.

Jumatatu tarehe 17 mambo yanachangamka. Kampuni nyingine, aliyoihoji mwezi uliopita na kuikatia tamaa, inamtumia ofa. Mshahara ni mdogo kidogo kuliko wa kiwandani, na jibu linatakiwa Ijumaa tarehe 21. Mtu asiyejua yuko hatua ya ngapi kiwandani hapa hana cha kufanya zaidi ya kurusha shilingi. Yeye anajua: bado hatua moja, na haiwezi kufanyika kabla ya tarehe 24. Anamwandikia afisa rasilimali watu wa kiwanda:

"Natumaini u mzima. Nashukuru kwa nafasi ya mtihani wa tarehe 13. Nimepokea ofa kutoka kwingine ninayotakiwa kuijibu tarehe 21 Machi. Nafasi ya kwenu bado ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa hiyo naomba kufahamu kama kuna uwezekano wa kuzungumza na mkurugenzi, hata kwa simu, kabla ya tarehe hiyo. Kama haiwezekani, naomba kujua tarehe mnayotarajia ili nipange majibu yangu."

Barua hiyo ina sifa mbili. Inataja tarehe, kwa sababu afisa anahitaji kitu cha kupeleka kwa bosi wake. Na haina vitisho wala kutaja kiasi cha mshahara wa upande wa pili. Mnada si wa hatua hii. Niongeze kwamba ofisi nyingi za binafsi Dar na Nairobi huandikiana kwa Kiingereza. Andika kwa lugha waliyokuandikia wao. Ofa yenyewe iwe ya kweli. Mji ni mdogo kuliko tunavyofikiri, na maafisa rasilimali watu wanajuana na wana makundi yao ya WhatsApp.

Afisa anajibu kwamba safari ya mkurugenzi haigeuziki, lakini atampanga tarehe 25 asubuhi. Sasa mhasibu anaigeukia kampuni yenye ofa na kuomba muda hadi Ijumaa tarehe 28. Wanampa hadi Jumatano tarehe 26. Jumanne anazungumza na mkurugenzi, yanakwenda vizuri, na mwishoni anauliza kwa mara ya mwisho nini kimebaki. "Wadhamini tu, na saini. Umetufurahisha."

Jumatano imefika na mkononi hana barua. Hapa watu hutofautiana, na mimi nina msimamo. "Umetufurahisha" haina saini. Angekuwa hana kazi kabisa, ningemwambia achukue ofa iliyoandikwa. Lakini yeye ana kazi, na akiikataa ofa ya pili na kiwanda nacho kikamwangusha, atabaki alipokuwa, na mshahara utaingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Anaweza kubahatisha. Asichoweza kabisa ni kuandika barua ya kuacha kazi kabla ya kuona barua ya kiwanda, yenye mshahara, cheo na tarehe ya kuanza. Anaikataa ofa ya pili kwa heshima na kusubiri.

Idi inapita mwishoni mwa Machi. Mdhamini mmoja alikuwa kijijini kwa sikukuu, simu haikushika. Barua inatoka Jumatano tarehe 2 Aprili. Anatoa notisi siku hiyo hiyo. Siku 28 zikihesabiwa kuanzia kesho yake zinaisha tarehe 30 Aprili. Kesho yake ni Mei Mosi. Anaanza kazi Ijumaa tarehe 2 Mei, mwezi mzima baada ya tarehe aliyotajiwa mwanzo. Hakuna aliyemdanganya. Safari moja ya mkurugenzi, sikukuu moja, mdhamini mmoja na notisi ya kisheria vimeusukuma mwezi, na yeye alikuwa anajua kila mara kilichobaki ni kipi.

Serikalini usiulize jopo

Yote hayo ni ya sekta binafsi na mashirika. Kwenye utumishi wa umma Tanzania, swali lako linajibiwa na tangazo. Ajira nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na tangazo la kuitwa kwenye usaili hutaja hatua zenyewe: usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika, usaili wa vitendo kwa kada zinazohitaji, kama madereva na mafundi, kisha usaili wa mahojiano. Tarehe, saa na mahali vimeandikwa mle. Mjumbe wa jopo ukimuuliza lini majibu atakuambia ufuatilie tovuti, na hatakuwa anakukwepa.

Tatizo la huko ni baada ya mahojiano. Tarehe ya majibu haitajwi, na majina hutoka kwenye tangazo la kuitwa kazini. Usiyeona jina lako unapaswa kuelewa kwamba hukupata nafasi kwa safari hiyo. Lakini kuna mlango wa nyuma wa halali ambao wengi hawaujui. Waliofaulu usaili wakakosa nafasi kwa sababu nafasi zilikuwa chache huwekwa kwenye kanzidata, na matangazo ya kuitwa kazini mara nyingi husema wazi kwamba orodha imechanganya na waliokuwa kwenye kanzidata. Ndiyo maana unasikia mtu ameitwa kazini kwa usaili alioufanya zamani na kuusahau. Cha kufanya baada ya mahojiano ya serikali ni kuendelea kufungua matangazo na kuhakikisha namba yako ya simu na taarifa zako kwenye mfumo ni za sasa. Walioitwa hupewa muda maalumu wa kuripoti wakiwa na vyeti halisi, na namba iliyozimwa haikusogezei tarehe.

Tarehe ikipita

Turudi kwenye ofisi binafsi. Uliambiwa utasikia Ijumaa, Ijumaa imepita. Usiandike Jumamosi. Subiri siku mbili tatu za kazi, kisha mwandikie yule uliyetajiwa, mistari minne isizidi: jina lako, nafasi uliyosailiwa na tarehe ya usaili, kwamba uliambiwa ungesikia wiki iliyopita, na kwamba unaomba kujua kama hatua iliyobaki bado ipo au ratiba imebadilika. Tarehe ya usaili ni muhimu kuliko shukrani ndefu, kwa sababu afisa huyo ana nafasi nyingine anazojaza na hakumbuki sura yako.

Kama siku ya usaili ulitoka bila kuuliza, nafasi haijapotea. Kesho yake andika kushukuru na uulize humo humo. Swali likiwa kwenye barua ya shukrani linajibiwa kirahisi, hata kwa mstari mmoja.

Majibu utakayopata yana uzito tofauti. Ukiambiwa "mkurugenzi amerudi Jumatatu, tutakupanga," uko hai. Ukiambiwa "nafasi imesimamishwa kwa sasa," mara nyingi bajeti imebanwa, na hilo halisemi lolote kuhusu ulivyojibu maswali. Ukiambiwa kila wiki "bado tunalifanyia kazi" bila tarehe wala hatua, yawezekana kuna mtu mwingine aliyepewa ofa na wewe umewekwa akiba hadi asaini. Si tusi, wa pili kwenye orodha huitwa pale wa kwanza anapokataa, na hutokea. Ila usisimamishe maombi mengine kwa ajili ya nafasi ya aina hiyo. Ukikumbushia mara moja na kimya kikaendelea, kumbusha mara ya pili baada ya wiki moja hivi, kisha ifute kwenye hesabu zako.

Kuna jibu moja ambalo likitoka unapaswa kukunja vyeti vyako na kuondoka. Ni pale unapouliza hatua inayofuata ukaambiwa ni kulipia: fomu, sare, mafunzo, "vipimo vya afya" vya kutumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Matapeli wa ajira wanajua kuiga usaili vizuri, wana ofisi, wana jopo, wana hata vitambulisho vya shingoni. Mara nyingi hushindwa kueleza mlolongo wa hatua na mtu anayeidhinisha, kwa sababu hakuna. Swali la hatua zilizobaki huwatoa jasho.

Na kwenu waajiri: barua pepe ya kumwita mtu kwenye usaili ina nafasi ya mistari miwili zaidi. Andikeni hatua ni ngapi, na andikeni mnatarajia kumaliza lini. Sekretarieti ya Ajira huwaandikia maelfu hatua na tarehe za usaili kwenye tangazo moja. Kampuni yenye wasailiwa sita haishindwi. Ratiba ikibadilika, ujumbe mfupi wa kuwaambia hao sita unaandikwa kwa dakika tano, nanyi mtapunguza simu za "samahani kwa usumbufu" mnazozilalamikia.